Sindano Mbili za Mguu Mmoja

Fundi mmoja wa ujenzi mtaani kwetu alikanyaga msumari uliobaki kwenye ubao uliong'olewa kwenye zege. Ukatoboa kandambili, ukazama unyayoni. Kituo cha afya walimwosha kidonda, kisha wakamdunga sindano mbili, moja bega la kulia na nyingine bega la kushoto.

"Dada, mguu ni mmoja, sindano mbili za nini?"

"Ya kulia ni ya sasa hivi, kaka," muuguzi akamjibu huku akitumbukiza bomba kwenye boksi la sindano. "Ya kushoto ni ya baadaye, na hiyo utaifuata tena baada ya wiki nne."

Fundi alikuja kunisimulia akiamini ametozwa mara mbili. Kumbe muuguzi alimweleza jambo zima la kinga kwa maneno machache kuliko yatakayonitoka mimi hapa.

Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi. Vikiingia kwenye tundu refu lisilopata hewa, kama hilo la msumari, huchipuka na kutoa sumu inayopanda kwa kufuata neva. Sumu hiyo ndiyo inayokaza taya na kupinda mgongo. Mara nyingi dalili huanza kati ya siku ya 3 na ya 21. Mwili ambao haujawahi kuchanjwa, nao unahitaji kama wiki mbili kuanza kutengeneza kingamwili za kutosha, yaani zile protini za kwenye damu zinazoikamata sumu na kuizima. Katika mbio hizo, sumu inaweza kufika kwanza.

Ndiyo maana ya sindano ya kulia. Ndani yake mna kingamwili zilizokwisha kutengenezwa na mwili wa mwingine. Mwaka 1890, mjini Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba majimaji ya damu ya sungura aliyezoeshwa sumu ya pepopunda, yakidungwa kwa panya, yanamwokoa panya huyo na sumu ambayo ingemuua. Majimaji hayo ndiyo seramu. Baadaye kazi hiyo walipewa farasi, kwa sababu farasi ana damu nyingi, na siku hizi hutumika pia kingamwili zilizochujwa kutoka kwa watu waliochanjwa.

Seramu hufanya kazi tangu siku ileile, lakini ni chakula cha kununua: kikiisha, kimeisha. Kingamwili ni protini, na protini huchakaa mwilini. Zile za binadamu hupungua kwa nusu kila wiki tatu hivi, na hakuna seli hata moja ya fundi inayojua namna ya kutengeneza nyingine. Za farasi huisha upesi zaidi, kwa sababu mwili unamtambua mgeni na kuanza kumfukuza. Mara nyingine ugomvi huo humletea mgonjwa homa, vipele na maumivu ya viungo wiki moja au mbili baada ya sindano. Akidungwa tena seramu ya farasi miaka ya mbele, mwili unaomkumbuka farasi unaweza kumshambulia kwa hatari kubwa. Kwa hiyo kabla ya kudunga seramu hiyo humuuliza mtu kama amewahi kuipata, na humwonjesha tone kwanza.

Sindano ya kushoto haina kingamwili. Ina sumu yenyewe ya pepopunda iliyolemazwa, imebaki sura bila makali. Seli chache za fundi zinazoitambua sura hiyo huzaliana. Baadhi yake huhamia kwenye uboho wa mifupa na kuendelea kutoa kingamwili kwa miaka. Nyingine hukaa zikisubiri kama akiba, tayari kuamka kwa siku chache sumu ikirudi. Dozi ya kwanza huacha kinga hafifu. Ya pili, baada ya wiki nne, humlinda mtu mwaka mmoja hadi mitatu, na ya tatu, baada ya miezi sita, humfikisha miaka mitano au zaidi. Tena bega lazima liwe jingine, kwa sababu kingamwili za seramu zikikutana na chanjo palepale zitaifunika kabla seli hazijaiona.

Mtu akiugua pepopunda na kupona, hapati kinga. Kiasi cha sumu kinachotosha kuua ni kidogo mno hata hakiziamshi seli. Aliyepona naye huchanjwa, sawa na ambaye hajawahi kuugua.

Sasa tutoke kwa fundi twende kliniki ya wajawazito, ambako mtoto hupewa kinga ya kuazima bila sindano. Kitovu kikikatwa kwa wembe mchafu, au kikipakwa udongo au samadi, mtoto hunyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha midomo hukaza na kunyonya hukoma. Kumchanja siku anayozaliwa ni kuchelewa. Anachanjwa mama. Kingamwili za mama hubebwa kupitia kondo la nyuma, nyingi katika wiki za mwisho za ujauzito, hata mtoto aliyetimiza miezi yake anaweza kuzaliwa na nyingi kumzidi mama. Njiti hupata kidogo. Dozi ya pili ya mama nayo itangulie kujifungua kwa wiki mbili angalau, ama sivyo mtoto atatoka kabla ya mzigo kufika.

(Mfugaji atashangaa kidogo. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili, na ndama hutegemea dang'a ya siku ya kwanza, kwani baada ya hapo utumbo wake haupitishi tena kingamwili kwenda kwenye damu. Maziwa ya kwanza ya mwanamke yana kingamwili pia, ila kazi yake ni kulinda utumbo wa mtoto. Hayajazi damu yake.)

Azima ya mama hupungua kwa nusu kila mwezi mmoja hivi. Mtoto aliyeanza na mafungu 64 atakuwa na 32 akitimiza mwezi, na katika mwezi wa sita atabakiwa na 1. Ndiyo sababu chanjo yake mwenyewe ya pepopunda huanza wiki ya 6, kisha ya 10 na ya 14, kabla azima haijakauka.

Kwa surua mambo hugeuka. Chanjo ya surua ni kirusi hai kilichodhoofishwa, nacho lazima kizaliane kidogo ndipo seli zikione. Kingamwili chache za mama zinatosha kukiua mapema. Mtoto akichanjwa mapema mno, kadi itaandikwa "amechanjwa" ilhali seli hazijajifunza kitu. Akingojewa sana, azima itaisha naye atakuwa wazi surua ikipita. Kenya na Tanzania huanza miezi 9, na dozi nyingine hutolewa miezi 18 kwa wale ambao ya kwanza haikushika.

Kinga ambayo mwili umejifunza wenyewe inaweza kukaa muda gani? Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, ambako haikuwa imeonekana tangu 1781. Daktari Peter Panum wa Denmark aliona watu wengi sana wakiugua, lakini wazee walioiugua utotoni, miaka 65 nyuma, hawakuguswa.

Fundi wetu alirudi baada ya wiki nne, akinung'unika. Tarehe ya dozi ya tatu ameiandika kwa mkaa ukutani, mlangoni pa stoo ya saruji, chini ya hesabu ya mifuko.