Maandishi madogo ya mkopo: kweli au si kweli?

Wanaoandika upya mikataba ya mikopo ili isomeke na mkopaji wa kawaida husikia madai yaleyale kila mara, mengine kutoka kwa mawakili, mengine kutoka kwa maafisa mikopo. Hapa tunayapima matano. Sharti la kazi ni moja: lugha ibadilike, lakini kila wajibu na kila haki vibaki vilevile.

Dai la 1: Lugha rahisi hudhoofisha mkataba mahakamani.

Si kweli. Kinachofunga ni makubaliano yenyewe, wala ugumu wa maneno hauyaongezei nguvu. Januari 1975, benki ya First National City Bank ya New York, ambayo baadaye iliitwa Citibank, ilianza kutumia hati ya mkopo iliyoandikwa upya kwa lugha ya kila siku, na iliendelea kukopesha na kudai kama kawaida. Mwaka 1978 sheria ikaanza kutumika katika jimbo hilo ikitaka mikataba ya watumiaji iandikwe kwa maneno yenye maana ya kawaida.

Hatari iko upande wa pili. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, Tanzania na Kenya zikiwemo, kifungu chenye utata hufasiriwa dhidi ya aliyekiandika. Mkopeshaji anayeficha maana ndani ya sentensi ndefu anaweza kujikuta ameumizwa na sentensi yake mwenyewe.

Dai la 2: Kurahisisha ni kufupisha.

Si kweli, na hapa ndipo wajibu mwingi hupotea. Tuchukue kifungu cha aina inayopatikana katika mikataba mingi:

*"Endapo Mkopaji atashindwa kulipa rejesho lolote katika tarehe husika, Mkopeshaji atakuwa na haki, kwa hiari yake na bila kuathiri haki zake nyinginezo, kudai papo hapo salio lote la deni la msingi pamoja na riba iliyokwisha kulimbikizwa, bila kutoa taarifa ya awali kwa Mkopaji."*

Mwandishi mwenye haraka ataandika: "Usipolipa kwa wakati, utalipa deni lote lililobaki." Inasomeka vizuri, ila imebadilisha mkataba. Kabla ya kugusa neno, kifungu hupasuliwa kwa maswali: nani, anaweza au lazima, jambo gani linaanzisha, kiasi gani, lini, na kwa taarifa gani. Majibu yakipangwa, makosa yanaonekana. Hiari ya mkopeshaji imegeuka kuwa jambo la lazima. Taarifa ya awali haikutajwa, kwa hiyo mkopaji atadhani ataarifiwa. Haki nyingine za mkopeshaji zimetoweka.

Kosa kubwa zaidi limejificha katika maneno "deni lote lililobaki". Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12, riba ikiwa asilimia 2 kwa mwezi ya mkopo wa awali. Kila rejesho ni 124,000: yaani 100,000 za deni la msingi na 24,000 za riba. Mkopaji amelipa marejesho manne, akakwama la tano. Ukihesabu marejesho manane yaliyobaki unapata 992,000. Lakini kifungu cha awali kinadai deni la msingi, 800,000, na riba iliyokwisha kulimbikizwa, ambayo ni 24,000 ya mwezi wa tano. Jumla ni 824,000. Tofauti ya 168,000 ni riba ya miezi saba ambayo haijafika, na maneno matatu yaliyoonekana mepesi yameiacha wazi kudaiwa.

Toleo linalohifadhi kila kitu ni hili:

*"Ukichelewesha rejesho lolote, hata moja, tunaweza kukudai mara moja deni la msingi lote lililobaki, pamoja na riba iliyolimbikizwa hadi siku tunayodai. Riba ya miezi ambayo haijafika haihesabiwi. Hatulazimiki kudai hivyo, na tukiamua kudai hatulazimiki kukuarifu kwanza. Haki zetu nyingine, za mkataba huu au za sheria, zinabaki."*

Ni sentensi nne badala ya moja, na maneno hayakupungua. Kilichopungua ni mzigo wa kila sentensi.

Dai la 3: Neno gumu la kisheria libadilishwe kwa neno jepesi.

Kweli nusu. Maneno mengine ni mapambo tu: "husika", "tajwa hapo juu", "kwa mujibu wa hapa". Hayo yaondoke. Mengine hubeba wajibu mzima, na dawa yake ni maelezo kamili.

Mfano ni wadhamini watatu wanaowajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Ukiandika "wadhamini watalipa pamoja", kila mmoja atapiga hesabu ya theluthi ya 824,000, yaani kama 274,667. Maana halisi ni kwamba mkopeshaji anaweza kumfuata mmoja na kumdai zote. Kwa hiyo andika: "Tunaweza kumdai mdhamini yeyote mmoja deni lote, bila kuwadai wengine kwanza."

Uangalifu unahitajika pia upande wa kuongeza. Ukiendelea kuandika "wala kumdai mkopaji kwanza" bila hilo kuwemo katika maandishi ya awali, huenda umempa mdhamini mzigo ambao hakuukubali. Na ikiwa mdhamini anasaini karatasi hiyohiyo, neno "wewe" lazima lifafanuliwe mwanzoni: ni mkopaji tu, au wote wawili?

Dai la 4: Mwandishi akiona sharti halina kazi, aliondoe.

Si kweli. Hati ya zamani ya First National City Bank ilikuwa na orodha ndefu ya mambo yaliyohesabiwa kuwa uvunjaji wa mkataba. Hati mpya ilibakiza mawili: kutolipa rejesho kwa wakati, na mdai mwingine kutumia hatua za kisheria kuchukua fedha za mkopaji zilizo mikononi mwa benki. Orodha ilipunguzwa kwa sababu benki ilikubali kuyaacha mengine. Huo ulikuwa uamuzi wa kibiashara, na lugha rahisi ilifuata. Mwandishi asiye na ruhusa hiyo huweka alama pembeni, huuliza, na kulibakiza sharti mpaka ajibiwe.

Kuna mipaka ambayo mwandishi haigusi kabisa kwa kuwa imewekwa na sheria. Nchini Kenya, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika 2007, kinazuia riba ya mkopo uliokwama isizidi deni la msingi lililokuwapo ulipokwama. Maneno ya mkataba, yawe magumu au mepesi, hayapanui mpaka huo.

Dai la 5: Mkopaji akisema ameelewa, kazi imekwisha.

Si kweli. "Umeelewa?" huitikiwa "ndiyo" hata na aliyechoka kusoma. Mpe msomaji toleo jipya na kisa: "Juma alikopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba ikiwa asilimia 2 kwa mwezi ya mkopo wa awali, akiwa na wadhamini watatu. Amelipa marejesho manne. La tano lilipaswa kulipwa jana. Leo mkopeshaji anaweza kumdai kiasi gani? Ni lazima adai? Ni lazima amwarifu kwanza? Anaweza kumdai mdhamini gani?" Maswali hayohayo apewe wakili mwenye maandishi ya zamani pekee. Wote wawili wakijibu 824,000, si lazima, si lazima, yeyote, kifungu kimevuka salama. Jibu moja likitofautiana, rudi kwenye kifungu hicho kabla mtu yeyote hajasaini.