Kubadili Betri ya Ufunguo wa Gari, na Nini Kifanyike Ufunguo Ukigoma

Tuchukue mfano wa mkulima wa kahawa wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, ambaye ameshuka Kayanga kwa shughuli zake akiwa na gari dogo lililotoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Kwa wiki kadhaa rimoti ya ufunguo wake imekuwa ikigoma asubuhi, wakati wa baridi, na kukubali mchana. Hiyo ni dalili ya kawaida ya betri iliyochoka, kwa kuwa baridi huipunguzia betri dhaifu nguvu ya kutoa umeme. Anaingia kwa fundi saa, naye anambadilishia betri. Kwa kuwa kava la ufunguo lilikuwa limepasuka, fundi anamwekea na kava jipya. Milango inafunguka kwa kubonyeza mara moja tu. Lakini mwenye gari anapozungusha ufunguo, stata inazunguka, injini inashika kidogo, kisha inazima. Anarudia mara kumi, na hali ni ile ile.

Watu waliosimama karibu wanamwambia kuwa pampu ya mafuta imekufa. Fundi gari anaitwa, plagi zinafunguliwa, na malipo yanaanza. Kumbe gari ni zima. Kilichokosekana kimebaki ndani ya kava bovu lililotupwa kwenye kapu la taka la fundi saa.

Ili kuelewa jambo hili, mlaji hana budi kujua kwamba ufunguo wa aina hii hubeba vitu viwili vinavyofanya kazi mbili tofauti. Cha kwanza ni rimoti, yaani kibao kidogo chenye vitufe, ambacho hutuma mawimbi ya redio ili kufunga na kufungua milango. Hiki ndicho kinachohitaji betri. Cha pili ni chipu ya utambulisho, ambayo haina betri wala haiihitaji. Kuizunguka tundu la kuingizia ufunguo kuna koili ya waya. Ufunguo ukiingizwa, koili hiyo huipatia chipu umeme kidogo kwa njia ya sumaku, nayo chipu hujibu kwa kutaja namba yake. Gari likiitambua namba hiyo huiruhusu injini iwake; lisipoitambua, huizuia. Kwa hiyo betri kufa haizuii gari la ufunguo wa kuzungusha kuwaka. Chipu ikipotea, hata betri mpya haisaidii.

Katika funguo nyingi chipu haikugandishwa kwenye kibao cha rimoti. Hukaa peke yake katika kishimo ndani ya plastiki ya kava, nayo ni kipande cheusi kidogo kuliko punje ya mhindi, au kibomba chembamba cha kioo. Anayefungua ufunguo kwa haraka huweza kuiangusha bila kuiona, na anayebadili kava huisahau kwa urahisi zaidi.

Kabla ya kununua betri, fungua ufunguo kwanza na usome maandishi yaliyo juu ya betri ya zamani. Usimwachie muuzaji akadirie kwa macho. Betri hizi bapa zina volti 3, na namba yake ni kipimo. Katika CR2032, tarakimu 20 ni upana wa milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. CR2025 ina upana ule ule ila unene wake ni milimita 2.5, nayo huingia vizuri tu mahali pa CR2032. Tatizo ni kwamba vibati vya kupitisha umeme huigusa kwa shida, na rimoti hufanya kazi ukiikandamiza kwa nguvu na kukoma ukiilegeza. Funguo nyingine hutumia CR1632 au CR1616, ambazo ni nyembamba kwa upana. Namba ni ile ile, au siyo.

Epuka betri zilizomwagwa pamoja ndani ya kopo. Zikigusana huunganisha umeme na kujimaliza zenyewe, hata kama hazijawahi kutumika. Nunua iliyo ndani ya pakiti iliyofungwa, yenye jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Fundi akiwa na mita ya umeme, mwombe aipime mbele yako. Betri nzima husoma volti 3.0 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 2.8, mrudishie muuzaji, kwa sababu betri za aina hii hushikilia volti zake karibu maisha yake yote na kushuka zinapokaribia kuisha.

Kazi yenyewe ifanyike juu ya sinia au kitambaa cheupe, ili chochote kitakachoanguka kionekane. Ikiwa ufunguo una skrubu ndogo mgongoni, itoe kwanza. Ikiwa hauna, tafuta pengo dogo kwenye kingo na uingize bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, kisha uizungushe taratibu. Usitumie kisu, kwa maana hupita na kukata kibao cha ndani. Mara kava linapoachana, simamisha mkono na upige picha kwa simu. Picha hiyo itakuonyesha upande wa betri uliokuwa juu, mahali raba ya vitufe ilipokaa, na chipu ilipo. Si magari yote yanayoelekeza alama ya kujumlisha upande mmoja, hivyo usitegemee mazoea.

Itoe betri ya zamani kwa kijiti cha mbao au cha plastiki. Ishike mpya kwa kingo zake, kwa sababu mafuta ya vidole huzuia umeme kupita, na uipanguse kwa kitambaa kikavu kabla ya kuiweka. Katika barabara zetu za vumbi hukuta ungaunga mwekundu umejaa ndani ya ufunguo. Uondoe kwa brashi laini kavu, kamwe si kwa maji. Ukikuta vibati vimelala, viinue kidogo sana. Kisha rudisha raba, hakikisha chipu iko mahali pake, na ujaribu rimoti kabla ya kufunga skrubu.

Rimoti ikikataa baada ya hapo, jiulize kwanza swali moja: je, injini inawaka? Ikiwa injini inawaka lakini milango haisikii, kasoro iko upande wa betri na rimoti. Fungua tena. Mara nyingi betri imepinduliwa, au kibandiko cha plastiki kilichokuja nayo hakikubanduliwa, au kibati hakigusi. Baadhi ya betri hupakwa kemikali chungu ili mtoto aliyeitia mdomoni aiteme, na tabaka hilo huweza kuzuia umeme katika funguo fulani. Jaribu betri isiyo nalo. Ikiwa taa ndogo ya ufunguo inawaka unapobonyeza na gari bado halisikii, simama karibu na mlango ubonyeze kufunga na kufungua mara chache. Kila mbonyezo hubadilisha namba ya siri inayotumwa, na mtoto akichezea vitufe mbali na gari, namba za pande mbili hizi huachana. Katika magari mengi hukutana tena kwa njia hiyo. Machache huhitaji utaratibu ulioandikwa katika kitabu cha gari.

Ikiwa hali ni kinyume chake, yaani milango inafunguka na injini haiwaki, na ile taa nyekundu ya ulinzi kwenye dashibodi inamweka ufunguo ukiwa umewashwa, shuku chipu kabla ya kumruhusu mtu aguse pampu. Ndivyo alivyopaswa kufanya mkulima wetu. Angerudi kwa fundi saa, angeliomba kava lake la zamani, angeikuta chipu kishimoni mwake, na baada ya kuihamishia kwenye kava jipya gari lingewaka pale pale. Kwa sababu hiyo, kava la zamani ni mali yako: lichukue, na ulihifadhi hadi utakapokuwa umewasha gari angalau mara mbili. Chipu ikipotea kabisa, itakubidi kusajili ufunguo mpya kwa fundi mwenye mashine ya kazi hiyo, na huenda ukalazimika kusafiri kupitia Kyaka hadi Bukoba huku gari likibaki ulikoliacha. Magari mengi ya mitumba hufika na ufunguo mmoja tu. Kusajili wa pili wakati wa kwanza ungali hai huwa rahisi kuliko kuanza bila ufunguo wowote.

Kwa magari yanayowashwa kwa kitufe, chipu huwa imeungwa kwenye kibao chenyewe, hivyo si rahisi kuanguka. Betri ikifa, ndani ya rimoti mna ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango. Katika Toyota nyingi za aina hii, kanyaga breki, gusisha upande wa rimoti wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia hadi usikie mlio, kisha ubonyeze kitufe. King'ora kikilia ulipofungua mlango kwa ufunguo wa chuma, usishtuke. Kwa kawaida hunyamaza injini inapowaka.

Betri uliyoitoa usiiache mezani, maana hata ikishindwa kuendesha rimoti, bado ina umeme wa kutosha kumdhuru mtoto. Ikikwama kooni huunguza nyama ya ndani, na madhara makubwa huweza kutokea ndani ya saa 2. Ukishuku kuwa mtoto ameimeza, usimtapishe wala usimpe chakula. Mpeleke mara moja hospitali yenye mashine ya eksirei, hata kama anaonekana mzima. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja anaweza kupewa asali mkiwa njiani, vijiko 2 vidogo kila baada ya dakika 10, mradi kumpa kusiwacheleweshe. Aliye chini ya mwaka asipewe. Betri ya zamani izungushie gundi ya karatasi pande zote mbili kabla ya kuitupa.

Kuhusu malipo, kubadili betri peke yake hakufuti usajili wa ufunguo, kwa kuwa namba zake hukaa katika kumbukumbu isiyotegemea betri. Fundi akidai fedha za kusajili upya kwa sababu tu betri ilitolewa, mwombe kwanza aonyeshe kuwa gari limekataa. Unaponunua, mweleze muuzaji kazi unayoitakia betri na udai risiti, kwa maana Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Betri bandia, au muuzaji anayekataa kurekebisha, ni mambo ya kuyafikisha Tume ya Ushindani. Nenda na risiti, pakiti, betri yenyewe, na ile picha uliyoipiga kabla ya kugusa chochote.