Rosti Si Mchuzi Uliokauka

Mtu akiingia mkahawani akaagiza rosti, mara nyingi huletewa nyama iliyochemshwa kwa maji mengi, kisha maji yale yakakaushwa kwa haraka na kutiwa nyanya za kopo. Akiagiza mchuzi, huletewa nyama ileile ambayo maji yake hayakukaushwa. Basi wengi wamekwisha kuamini kwamba viwili hivi ni kitu kimoja, na kwamba tofauti yake ni dakika kumi za moto tu. Sivyo hata kidogo. Haya ni mapishi mawili mbalimbali, na asiyeyatenga huenda akanunua nyama ya bei kubwa akaiharibu, na ile ya bei nafuu akaishutumu bure kwamba ni ya ng'ombe mzee.

MAJI NDIYO HAKIMU

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayokata shauri. Katika mchuzi nyama hukatwa vipande vidogo ikazamishwa. Maji huifunika yote na kuzidi juu yake kadiri ya upana wa kidole kimoja. Katika rosti nyama huachwa pande kubwa, na maji hufika theluthi tu ya kimo chake, au nusu yakizidi sana. Kwa hivyo sehemu ya chini hupikwa na maji, na ya juu hupikwa na mvuke, ambao hupanda, ukagonga mfuniko, kisha ukadondoka tena juu ya nyama.

Ndiyo sababu mchuzi waweza kupikwa mfuniko ukiwa wazi kidogo, lakini rosti haivumilii hivyo. Mvuke ukitoroka, maji yale machache hukauka na nyama ikaungua.

Watu wa pwani wanaijua kazi ya moto wa juu na wa chini tangu zamani, kwani ndivyo tunavyopalia makaa juu ya mfuniko tukipika wali. Wafaransa nao walikuwa na vyungu vyenye mfuniko wa bonde, ambao juu yake yalipangwa makaa, na jina la Kizungu la upishi huu wa maji machache lilitokana na neno la Kifaransa lenye maana ya makaa ya moto. Waama, mpishi wa Lamu na mpishi wa Ufaransa walifikia hila moja kila mmoja kwa njia yake.

Jambo la pili ni rangi. Maji hayapiti nyuzi 100 za joto hapa Mombasa, na Nairobi, kwa vile iko juu, huchemka yakiwa nyuzi 94 au 95 hivi. Nyama haipati ile rangi ya hudhurungi na harufu yake mpaka uso wake upite nyuzi 140. Basi nyama iliyozama majini haitabadilika rangi hata ukeshe nayo. Rosti lazima ianzie kwenye mafuta ya moto kabla ya tone la maji kutiwa. Mchuzi waweza kuanza hivyo pia, lakini hata usipoanza hivyo bado ni mchuzi.

NYAMA GANI?

Mapishi yote mawili hutaka nyama ya viungo vilivyofanya kazi: shingo, bega, kidari, muundi, mkia. Viungo hivi vina kano na utando mweupe mwingi. Utando huo ukipikwa pole pole kwa saa nyingi huyeyuka ukawa ute unaonata midomoni, na ute huo ndio unaoupa mchuzi uzito bila ya kutiwa unga. Sarara haina utando huo. Ukiipika saa mbili majini hutoka maji yake yote ikabaki kama sufi, kwa hivyo iwekee mishikaki.

Ila kuna tofauti. Kwa mchuzi chagua muundi, shingo na mkia pamoja na mifupa yake, kwani vipande hivyo havina umbo la kuhifadhiwa na uboho wake hutoka ukaingia mchuzini. Kwa rosti mwambie mwuza nyama akupe pande moja la bega au la kidari, lenye mafuta yaliyopenya ndani, na asilikatekate.

Na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Baada ya saa moja motoni nyama ya aina hii huwa ngumu kuliko ilivyoingia, kwa kuwa nyuzi zake zimejikaza na utando haujayeyuka. Mpishi huionja, hukata tamaa, akachochea moto. Moto mkali huzidi kuikaza. Dawa yake ni kuiacha iendelee kwa moto uleule mdogo.

MFANO WA ROSTI

Chukua bega la ng'ombe, kilo moja na nusu, pande moja. Lifute likauke, maana nyama yenye maji haikaangiki, kisha lipake chumvi, thomu na tangawizi. Tafuta sufuria nzito ambayo nyama itakaa ikibakisha nafasi ya kidole tu pembeni, kwani katika sufuria pana maji yaleyale hutandaa na kukauka upesi.

Pasha vijiko vitatu vya mafuta, ukaange kila upande dakika nne au tano. Itoe nyama, ukaange vitunguu vitatu, tia nyanya tatu zilizokatwa na bizari. Tia kikombe kimoja na nusu cha maji ya moto na ukwangue kwa mwiko ule ukoko wa chini, kwa sababu humo ndimo mlimo na ladha. Irudishe nyama, funika, na uzibe ukingo kwa kinyunga cha unga wa ngano au kitambaa kilicholowa. Punguza makaa ya chini na upalie machache juu. Ukiziba kwa kitambaa, angalia makaa yasikifikie.

Sikiliza sufuria. Ikinong'ona, mambo ni mema. Ikinguruma, moto ni mwingi. Ikianza kuchachatika kama mafuta, maji yamekwisha: fungua, ongeza nusu kikombe ya maji ya moto, wala si ya baridi. Igeuze nyama baada ya saa moja na nusu, na uzibe tena. Kwa saa tatu hivi itakuwa tayari, na Nairobi huenda ikataka nusu saa zaidi. Choma uma katikati: ukiingia na kutoka bila ya nyama kuung'ang'ania, imeiva. Chini utakuta kama kikombe kimoja cha rojo jeusi linalong'aa.

Kilo ileile ya muundi kwa mchuzi hukatwa vipande vya inchi moja na nusu, ikatiwa maji vikombe vinne au vitano, ikapikwa saa mbili au mbili na nusu kwa vipovu vichache tu. Viazi hutiwa nusu saa ya mwisho. Ukichemka kwa nguvu, mchuzi huwa na ukungu na nyama hufumuka nyuzinyuzi.

Ama matokeo yake, katika mchuzi ladha imehama kutoka nyamani ikaenda majini, na ndiyo maana mchuzi hulisha wageni wengi kwa nyama kidogo, wali ukiwapo. Katika rosti ladha imebaki nyamani, na rojo ni la kupaka tu. Ikiwa umekosea ukatia maji mengi kwenye rosti, usiikaushe pamoja na nyama. Itoe nyama kando, uchemshe maji peke yake mpaka yanate mwikoni, kisha uirudishe.