Kibendera Kimepanda, Filimbi Haijalia: Nani Anaamua?

Mpira ukichezwa Suna, kule Migori, au Mbaraki hapa kwetu Mombasa, kelele za jukwaani hazina tofauti. Kibendera kikipanda, upande mmoja unashangilia na upande wa pili unamtukana mshika kibendera. Mara nyingine refa anapunga mkono mchezo uendelee, kibendera kinashuka, na hapo ndipo pande zote mbili zinapopandisha sauti. "Kwani kile kitambaa ni pambo?" mtu atauliza.

Si pambo, lakini si hukumu pia. Sheria za soka zimempa refa wa kati uamuzi wote, na wengine waliovaa sare kama yake ni wasaidizi wanaofanya kazi chini ya maelekezo yake. Kibendera ni taarifa. Kinamwambia refa: kuna jambo nimeliona kutoka hapa niliposimama. Refa anaichukua taarifa ile, anaiweka pamoja na aliyoyaona yeye, kisha anapuliza au hapulizi. Ukitaka kujua kwa nini wakati mwingine hapulizi, lazima ujue kila mmoja wao anaona nini na nini hawezi kukiona.

Washika vibendera ni wawili, kila mmoja na nusu yake ya uwanja, na kila mmoja na upande wake. Refa hakimbii katikati moja kwa moja. Anakwenda mshazari, ili mpira uwe baina yake na msaidizi wake, jicho moja likitazama mchezo kutoka huku na jingine kutoka kule. Beki akimvuta mtu jezi, mmoja wao atakuwa upande wenye mkono unaovuta.

Kazi kubwa ya mshika kibendera ni kuotea, ile wengi wanayoiita ofsaidi. Anatakiwa awe sambamba na mtu wa pili kutoka mwisho wa timu inayolinda, au sambamba na mpira ikiwa mpira uko karibu zaidi na lango. Nasema mtu wa pili kutoka mwisho, si beki wa mwisho, kwa sababu kipa naye anahesabiwa. Kipa akitoka kwenda kupiga kona dakika za mwisho, mstari unahama, na hapo ndipo utawasikia watu wakiapa kuwa "beki alikuwa amebaki". Abaki mmoja, hatoshi.

Ili asiuache mstari huo, mshika kibendera hutembea upande upande kama kaa wa mchangani, uso wake ukielekea uwanjani. Anageuka kukimbia mbio za kawaida pale tu mchezo unapomshinda kasi. Watu hucheka mwendo ule, lakini hesabu yake ni kali, na nitaionyesha kwa mfano.

Tuseme tuko Suna, timu moja inashambulia. Beki wa kupimia yuko mita 20 kutoka mstari wa pembeni aliosimama mshika kibendera. Mshambuliaji yuko mbali zaidi, mita 40 kutoka mstari ule ule. Mshika kibendera amechelewa kidogo tu, amesimama mita moja nyuma ya beki, upande wa katikati ya uwanja. Macho yake sasa hayakati uwanja sawasawa, yanakwenda mshazari. Kwa mshazari huo, mshambuliaji aliyemzidi beki kwa karibu mita nzima ataonekana wako sawa. Goli litaingia, na itakuwa goli la kuotea lililokubaliwa.

Sasa mhamishe mshambuliaji awe upande wa karibu, mita 10 tu kutoka mstari wa pembeni. Mshika kibendera ni yule yule, amechelewa mita ile ile moja. Safari hii kosa linageuka. Mshambuliaji aliye nyuma ya beki kwa robo mita, ambaye ni halali kabisa, ataonekana ametangulia. Kibendera kitapanda na goli safi litafutwa. Mtu hajala rushwa wala hana chuki na timu yako. Amechelewa hatua moja. Kwa hiyo ukitaka kumhukumu mshika kibendera, usitazame mshambuliaji kwanza. Tazama miguu ya mshika kibendera ilikuwa wapi mpira ulipopigwa.

Na hilo la "mpira ulipopigwa" lina taabu yake. Kinachopimwa ni mahali alipokuwa mshambuliaji pale mwenzake alipougusa mpira, si pale yeye alipoupokea. Mpiga pasi anaweza kuwa mita 30 au 40 kutoka kwenye mstari. Macho hayawezi kuwa sehemu mbili, kwa hiyo wazoefu huyaacha macho kwenye mstari na kusikiliza kishindo cha mguu. Uwanjani kukiwa na ngoma na vuvuzela, unaweza kufikiria mwenyewe.

Ni kazi hiyo hiyo iliyompeleka mtu wa kaunti ya Migori hadi Kombe la Dunia. Aden Marwa, mwalimu wa sekondari, alichaguliwa mwaka 2014 kwenda Brazil miongoni mwa waamuzi wasaidizi, na akachaguliwa tena kwa Urusi 2018. Safari ya pili haikufika. Kanda ya siri ya waandishi wa uchunguzi ilimwonyesha akipokea fedha, naye akajiondoa mashindano yakiwa yanakaribia kuanza. Nimemtaja kwa sababu historia yake ina pande zote mbili: kibendera kinaweza kumfikisha mtu mbali sana, na wapo wanaojua thamani yake wakatamani kukinunua.

Turudi kwenye swali la kitambaa. Ni lini refa anakishusha kibendera? Mara nyingi ni kwa sababu anajua kitu ambacho msaidizi hakukiona. Mshika kibendera anaujua mstari. Lakini nani aliugusa mpira mwisho, katika rundo la watu sita mbele ya kisanduku, hilo analijua zaidi refa aliye karibu nao. Mlinzi akiucheza mpira kwa kukusudia, mathalani akajaribu kumrudishia kipa na pasi ikawa fupi, mshambuliaji aliyekuwa ameotea hana kosa tena. Mpira ukimgonga tu mlinzi, au akiwa anaokoa goli lisiingie, kosa linabaki. Msaidizi aliona jezi ya rangi ile ile nyuma ya mstari akainua. Refa aliona mguu wa beki ukiupiga mpira makusudi, akapunga mkono. Wote wawili wako sahihi, na uamuzi ni wa refa.

Ndiyo maana wasaidizi hufunzwa kusubiri. Kuwa mahali pa kuotea si kosa. Kosa ni kuingilia mchezo ukiwa hapo, kwa kuugusa mpira au kumzuia mpinzani. Mshika kibendera mwenye haraka huinua pasi inapopigwa, kisha mpira unamfikia mchezaji mwingine aliyetoka nyuma, na shambulio halali limekufa. Anayesubiri hutukanwa kwa kuchelewa, lakini mimi namwamini zaidi. Refa akishapuliza, kibendera kinasema jambo la pili: kikielekezwa juu, kosa ni upande wa mbali, kikinyooshwa sawa na bega, katikati, kikielekezwa chini, upande wa karibu.

Kwenye goli, usitazame kibendera, tazama mwendo. Mpira ukiingia na mshika kibendera akakimbia kurudi upande wa katikati ya uwanja, kwake goli ni halali. Akisimama pale pale kama mlingoti, refa atamfuata au atamtazama, na washangiliaji wangoje kidogo. Muda wa kufanya hivyo ni mfupi, kwa kuwa mchezo ukishaanzishwa tena refa hawezi kuurudisha uamuzi wa goli lile. Msaidizi mwenye la kusema aliseme kabla mpira haujawekwa kati.

Refa wa nne hana kibendera, kwa hiyo wengi humwona kama mtu wa kushika ubao wa namba. Anasimama baina ya mabenchi mawili. Anakagua viatu na vifaa vya anayeingia, anahakikisha anayetoka ametoka, anawatuliza makocha na kumwambia refa wa kati yale yanayotokea nyuma ya mgongo wake. Dakika za nyongeza anazozionyesha si zake; ameambiwa na refa, naye anazitangaza. Na dakika zile ndizo za chini kabisa. Refa anaweza kuongeza zaidi, hapunguzi.

Lakini kiti chake kina jambo kubwa zaidi. Kanuni za mashindano lazima ziseme nani atachukua filimbi refa akishindwa kuendelea, na mara nyingi ni yeye. Tarehe 12 Januari 2022 huko Limbe, Kamerun, Mali walikuwa wakiongoza Tunisia 1-0 katika Kombe la Afrika. Refa Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza filimbi ya mwisho dakika ya 85. Akaonyeshwa kosa lake, mchezo ukaendelea. Akapuliza tena kabla ya dakika 90 kutimia, bila nyongeza yoyote. Watunisia walimzunguka, kocha wao akionyesha saa. Baada ya zaidi ya dakika 20, kocha wa Mali akiwa ameshakwenda kuzungumza na waandishi, ikaamriwa mchezo umaliziwe, na aliyetakiwa kuuchezesha ni refa wa nne. Mali walirudi uwanjani, Tunisia hawakurudi, na matokeo yakabaki 1-0. Baadaye Sikazwe alieleza kuwa joto lilikuwa limemzidi.

Saa hazikukosekana pale. Wasaidizi nao wanazo. Lakini wasaidizi wanaweza kumkumbusha refa muda, hawawezi kumziba mdomo asipulize. Hapo ndipo msaada wao unapokoma. Na asidhani mtu kuwa refa wa nne ni mwanafunzi. Katika mashindano hayo hayo, Salima Mukansanga wa Rwanda alikuwa refa wa nne Guinea ilipocheza na Malawi, na siku chache baadaye akashika filimbi ya kati Zimbabwe ilipokutana na Guinea, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika fainali za Kombe la Afrika la wanaume.

Kwenye mechi zetu ndogo, za Suna na za huku, mara nyingi refa wa nne hayupo. Kazi yake haipotei, inamwangukia mshika kibendera aliye upande wa mabenchi. Mchezaji akitaka kubadilishwa, yeye ndiye anayeuacha mstari wake, anakwenda hadi katikati ya uwanja, anasimamia mtu atoke na mwingine aingie, huku kocha akimlalamikia sikioni. Kwa muda ule hakuna anayelinda kuotea upande wake. Sheria imelijua hilo: refa anatakiwa asubiri msaidizi arudi mahali pake kabla ya kuruhusu mchezo. Kwa hiyo ukimwona refa amenyoosha mkono kuzuia mpira usirushwe, na timu yako ina haraka, geuza macho pembeni. Utamwona mshika kibendera bado anakimbia kurudi kwenye mstari.