Intaneti Inayokatika Saa Mbili Usiku

Nyumba yetu ya kupanga ina vyumba sita na ruta moja, bili tunachangishana. Mchana kutwa intaneti inateleza. Ikifika saa mbili usiku simu ya video inaganda, ujumbe hauendi, na baada ya dakika moja au mbili mambo yanarudi sawa. Majirani waliamua kwamba ruta imechoka. Kwa wiki mbili tukawa tunaizima na kuiwasha kila jioni, wala halikutusaidia.

Nikaona kwanza nijue inakatikia wapi. Usiku mmoja nilifungua madirisha mawili ya amri kwenye kompyuta ya Windows, kila moja na mstari wake:

```
ping -t 192.168.1.1
ping -t 8.8.8.8
```

Mstari wa kwanza unabisha hodi kwenye ruta yenyewe (namba yake mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta). Wa pili unabisha kwa Google, huko nje. Kama ruta ndiyo ingekosa kujibu, ningeishuku waifai: pengine imegongana na za majirani, na dawa ni kuhamia masafa ya 5 GHz. Lakini ruta ilijibu kwa milisekunde 3 muda wote. Jibu la nje ndilo lililopanda kutoka 30 hadi zaidi ya 1,500, kisha ikatokea `Request timed out`.

Kumbe laini ilikuwa hai, ila imezibwa na foleni. Kifurushi chetu hupakua kwa megabiti 10 kwa sekunde, lakini hupakia kwa 2 tu. Jioni watu wanarudi, wanachomeka simu kwenye chaji, na simu zinaanza zenyewe kupeleka picha za mchana kwenye hifadhi ya mtandaoni. Picha 200 za megabaiti 3 kila moja ni megabaiti 600. Kwa njia yetu hiyo ni dakika 40 za kupakia bila kupumua. Ruta hairudishi mzigo, inaupanga foleni. Hata anayetazama filamu tu hulazimika kutuma maombi madogo, nayo yanakwama nyuma ya picha za jirani mpaka programu inachoka kusubiri.

Nilijaribu kwa njia rahisi: mwenye chumba cha nne alisitisha upakiaji, na namba zikashuka papo hapo hadi 35. Kwenye mipangilio ya ruta, sehemu ya `QoS`, nikaweka kikomo cha kupakia cha 1.7 badala ya 2, ili foleni isijazane nje ya uwezo wetu. Ruta nyingine zina `SQM`, inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi. Nyingine, za bei nafuu hasa, hazina chochote. Hapo itabidi wapangaji wakubaliane picha zipakiwe usiku wa manane.

Vyumba vyote vikijitoa, ibaki kompyuta moja kwa waya, na bado namba zipande kila saa mbili, basi foleni iko kwa mtoa huduma. Andika saa na namba za siku kadhaa, umpelekee hizo.