Sura ya Saba: Ukurasa na Mstari

Majedwali ya zamani yanapohamishwa kutoka kwenye picha za kurasa kwenda kwenye lahajedwali, kila mstari uliochapwa hugeuka kuwa rekodi, yaani fungu la taarifa zinazohusu kitu kimoja, na tangu hapo rekodi hiyo huishi mbali na karatasi iliyoizaa. Hupangwa upya kwa herufi, huchanganywa na rekodi za miaka mingine, hupunguzwa na kusahihishwa, mpaka anayetilia shaka tarakimu moja akose pa kuanzia kuitafuta asili yake. Dawa ya tatizo hili ni nyepesi kwa umbo: kila rekodi huongezewa safu mbili au tatu zinazotaja faili la picha, namba ya ukurasa na namba ya mstari ndani ya ukurasa huo. Katika sura hii neno “mstari” linatumika kwa taarifa zinazosomwa kwa ulalo, na “safu” kwa zile zinazoshuka wima. Wepesi wa dawa ni wa nje tu, kwa kuwa kazi yenyewe imo katika kuamua ni namba ipi inayoandikwa, inahesabiwaje, na inaandikwa katika hatua ipi.

Mfano utakaofuatwa ni wa taarifa za mvua. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, iliyoanzishwa mwaka 1929 na kuwa na makao yake Nairobi, ilikusanya vipimo vya mvua kutoka vituo vya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na vipimo vya zama hizo vilichapwa kwa inchi, ambapo inchi moja ni sawa na milimita 25.4. Ichukuliwe kwamba kitabu cha namna hiyo kimeskaniwa na kuwa faili moja la PDF, na kwamba kila ukurasa wake una jedwali lenye jina la kituo, safu 12 za miezi na safu ya jumla ya mwaka. Tarakimu na majina ya mafaili yatakayotajwa ni ya kutungwa kwa ajili ya maelezo.

Swali la kwanza ni la namba ya ukurasa, kwa sababu kila ukurasa una namba mbili. Ipo iliyochapwa pembeni na mpiga chapa, na ipo ile ya nafasi ya picha ndani ya faili. Hizi mbili hazilingani mara nyingi, maana jalada, dibaji na ramani huhesabiwa na faili ilhali mpiga chapa hakuzihesabu, au alizipa namba za Kirumi. Ukurasa uliochapwa 9 unaweza kuwa picha ya 17. Namba inayotegemewa katika ufuatiliaji ni ile ya nafasi ndani ya faili, kwa vile haikosekani na haijirudii, ila ile iliyochapwa nayo inafaa kuwekwa katika safu yake ya pembeni, kwani mtafiti aliyeshika kitabu chenyewe maktabani hataweza kutumia nyingine. Kuna pia suala la kuanzia. Baadhi ya programu huhesabu kurasa kuanzia 0 na nyingine kuanzia 1, hivyo anayeandika namba kama alivyoipokea kutoka kwenye programu anaweza kumpeleka msomaji kwenye ukurasa wa jirani, na kosa hilo ni baya kuliko ukurasa usiokuwepo, kwa sababu ukurasa wa jirani unafanana na ule sahihi kwa kila kitu isipokuwa tarakimu.

Namba ya mstari inahitaji kanuni iliyo wazi zaidi. Kanuni inayofaa ni kuhesabu kila mstari wenye wino chini ya kichwa cha jedwali, kuanzia 1 katika kila ukurasa, pamoja na mistari ambayo baadaye haitabaki: majina ya wilaya yaliyochapwa katikati kama vichwa vidogo, mistari ya jumla, na hata ile ambayo tarakimu zake zimefutika. Anayeruka mistari hiyo wakati wa kuhesabu hulazimika kueleza kila alichokiruka, na msomaji naye hulazimika kuruka vilevile anapohesabu kwa kidole juu ya picha. Jina refu la kituo likivunjika na kushukia mstari wa pili, mistari hiyo miwili huhesabiwa kuwa mmoja, kwa kuwa inabeba rekodi moja, na uamuzi huo uandikwe mahali ambapo atakayekuja baadaye atauona. Ukurasa wenye majedwali mawili huhitaji safu nyingine ya namba ya jedwali, vinginevyo mstari wa 5 utakuwa na maana mbili.

Hatua ya kuandika namba hizi ndiyo inayoamua kama zitakuwa na thamani. Zinapaswa kuandikwa katika dakika ileile mstari unaposomwa kutoka kwenye picha, kabla rekodi ya kwanza haijafutwa na kabla kurasa hazijaunganishwa. Kwa anayetumia lugha ya Python, jambo lenyewe ni la mistari michache:

```python
for u, ukurasa in enumerate(kurasa, start=1):
    for m, seli in enumerate(soma_mistari(ukurasa), start=1):
        rekodi.append([faili, u, m] + seli)
```

Wengi hukumbuka safu hizi wakati jedwali zima limekwisha unganishwa na kusafishwa, wakaona namba za mistari zilizoko ubavuni mwa lahajedwali wakazichukua kuwa mbadala. Namba hizo ni za skrini. Zikinakiliwa baada ya mistari ya jumla kufutwa, zinahesabu kilichobaki tu. Na lahajedwali likipangwa kwa jina la kituo, namba ya ubavuni hubaki pale ilipo huku rekodi ikihama.

Mtego mwingine umo katika programu za kusoma maandishi kwenye picha. Tesseract, ambayo ni ya bure na inatumika sana, inaweza kutoa matokeo yake kama jedwali lenye safu za `page_num`, `block_num`, `par_num` na `line_num`, na mtu akiziona huamini kwamba kazi imeshafanywa. Lakini programu hiyo ikipewa picha mojamoja, kama inavyofanywa na wengi, kila picha kwake ni ukurasa wa 1, hivyo safu ya `page_num` hujaa 1 kutoka mwanzo hadi mwisho. Nayo `line_num` huanza upya katika kila aya ambayo programu inadhani imeiona, na jedwali lenye nafasi pana kati ya safu huweza kukatwakatwa kuwa aya nyingi, kiasi kwamba ukurasa mmoja ukawa na mistari kadhaa inayoitwa 1. Namba ya ukurasa itolewe kwenye jina la faili la picha, na namba ya mstari ihesabiwe upya kwa kufuata kimo cha maneno kutoka juu ya ukurasa, ambacho Tesseract hukitoa katika safu ya `top`.

Faida ya kwanza huonekana kabla ya swali lolote la usahihi wa tarakimu. Kwa kuwa mistari yote yenye wino imehesabiwa, namba za kila ukurasa zinapaswa kwenda mfululizo bila pengo; 14 ikifuatwa na 16 kabla ya usafishaji, mstari wa 15 umeanguka njiani, na 22 ikitokea mara mbili, ukurasa umesomwa mara mbili au mstari mmoja umekatwa vipande. Kasoro ambayo njia hii haiioni ni mstari ambao programu haikuutambua kabisa, kwani hapo hesabu huendelea kana kwamba haukuwepo. Ndiyo maana namba ya mwisho ya kila ukurasa hulinganishwa na mistari iliyohesabiwa kwa macho kwenye picha, kazi ya sekunde chache kwa kila ukurasa ambayo haina njia ya mkato inayoaminika.

Hebu sasa rekodi moja ifuatwe. Jumla ya miezi 12 ya kila kituo imelinganishwa na jumla iliyochapwa, na Dodoma imegoma: miezi inatoa inchi 27.47 na kitabu kinasema 21.47. Rekodi inasema `mvua_a.pdf`, ukurasa 17, mstari 23. Tofauti ya 6.00 kamili tayari ni dokezo, kwa maana makosa ya kusoma tarakimu moja huacha tofauti nadhifu, na 1 kusomwa 7 ni katika makosa ya kawaida kabisa. Picha ya 17 inafunguliwa, mistari inahesabiwa hadi 23, na Aprili inaonekana kuwa 1.97 yenye doa la wino juu ya 1, ilhali rekodi ina 7.97. Thamani mpya huandikwa katika safu ya masahihisho, na ile iliyosomwa mwanzo huachwa ilivyo. Kama picha ingeonyesha 7.97 kweli, kosa lingekuwa la kitabu, na hapo tarakimu haiguswi. Huongezwa maelezo kwamba jumla iliyochapwa haiafikiani na miezi.

Hali huwa ngumu zaidi jedwali linapoenea kurasa mbili zinazotazamana, Januari hadi Juni kushoto, Julai hadi Desemba na jumla kulia. Rekodi moja sasa ina asili mbili, na kuandika ukurasa wa kushoto peke yake ni kuficha nusu ya asili hiyo. Njia safi ni kuvunja rekodi ili kila kipimo cha mwezi kiwe na mstari wake, chenye ukurasa wake na namba yake, na jina la mwezi likafanya kazi ya kutaja safu. Mpangilio huu huongeza mistari mara 12, jambo lisilosumbua kompyuta, na unafichua kosa ambalo vinginevyo ni gumu kuliona: mstari mmoja ukidondoka upande wa kulia, kituo cha mstari huo na vyote vilivyo chini yake hupewa mvua ya Julai hadi Desemba ya kituo kinachofuata. Dalili yake ni kwamba jumla hukubaliana hadi mstari fulani, kisha zote hukataa kwa pamoja hadi mwisho wa ukurasa. Mstari wa kwanza uliokataa ndio mahali pa kutazama kwenye picha ya kulia.

Anwani hizi zote zinaegemea faili lisilobadilika. Kitabu kikiskaniwa upya kwa sababu kurasa mbili zilikuwa na ukungu, na aliyeskani akaondoa kurasa tupu, picha ya 17 yaweza kuwa ya 15, na rekodi zote zikaelekeza mahali pasipo sahihi. Kwa hiyo faili jipya hupewa jina jipya, la zamani huhifadhiwa, na jedwali dogo hutengenezwa la kuonyesha kila ukurasa wa faili la kwanza uko wapi katika la pili. Ili kutambua kama faili limebadilishwa chini ya jina lilelile, hukokotolewa alama yake ya SHA-256, ambayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaobadilika hata faili likiguswa kidogo, ikaandikwa mara moja katika orodha ya mafaili. Hakuna haja ya kuirudia katika kila rekodi, kwa kuwa jina la faili tayari linaunganisha rekodi na alama hiyo.