Matundu Manne, Nafasi Tatu

Maandishi 4X Ø10 THRU kwenye mchoro wa kiufundi huwa na mshale mmoja unaogusa tundu moja, lakini yanaagiza matundu manne. Herufi X iliyoshikana na tarakimu husomeka "mahali": 4X ni mahali panne. Ø ni alama ya kipenyo, kwa hiyo kila tundu lina upana wa milimita 10, na THRU inasema keekee itokee upande wa pili wa bamba. Mchoraji ameandika mara moja ili asirudie maneno yale yale mara nne. Anayezidisha 4 kwa 10 na kutafuta keekee ya milimita 40 amesoma hesabu mahali pasipo na hesabu.

Katika kanuni za Kimarekani za ASME Y14.5, nafasi iliyoachwa kando ya herufi hiyo hubadilisha maana yake. Katika 2 X 45°, X imeachiwa nafasi pande zote mbili, na maana yake ni "kwa": ukingo umekatwa mshazari, milimita 2 kwa nyuzi 45. Michoro ya zamani haikuwa na utata huo, kwani iliandika 4 HOLES.

Kabla ya kushika sentapanchi, matundu ya ukubwa ule yahesabiwe kwenye picha. Yakionekana matano na maandishi yanasema 4X, kimoja kati ya hivyo viwili kina kosa, na wa kuulizwa ni mchoraji. THRU nayo huleta swali kwenye bomba la mraba: keekee itoboe ukuta mmoja au kuta zote mbili? Mchoro wa mkato ndio unaojibu. Usipokuwepo, ni heri kuuliza kuliko kuharibu bomba.

Jambo jingine ni kwamba 4X Ø10 THRU haisemi matundu yakae wapi. Tuseme bamba lina urefu wa milimita 200. Kutoka ukingo wa kushoto hadi kitovu cha tundu la kwanza kumeandikwa 25. Kati ya tundu la kwanza na la pili kumeandikwa 3X 50 (=150), na mbele ya hapo hakuna kipimo kingine. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu matundu ni manne na maandishi yanasema tatu. Safari hii X inahesabu nafasi zilizo kati ya vitovu. Nguzo nne za uzio zilizosimama kwenye mstari zina mapengo matatu, na matundu ni vivyo hivyo. Vitovu basi viko kwenye 25, 75, 125 na 175. Zinabaki milimita 25 hadi ukingo wa kulia, sawa na upande wa kushoto. Aliyehesabu nafasi nne angefika 225, nje ya bamba kabisa. Ile 150 ya kwenye mabano ni ya kuhakikisha tu, si kipimo cha kukaguliwa.

Vipimo vyote vinne vichukuliwe kutoka ukingo ule ule wa kushoto. Fundi anayefungua bikari kwa milimita 50 kisha akapiga hatua tatu anabeba kosa lake mara tatu: bikari ikiwa imefunguka 50.2, tundu la mwisho litakuwa limesogea milimita 0.6. Jicho halitaliona, maana nafasi zote bado zinalingana. Litajulikana bamba linapokataa kuingia kwenye bolti za mashine.

Ili kuligundua mapema, venia kalipa hupima umbali kati ya tundu la kwanza na la nne mara mbili: kwanza kati ya kingo zao za ndani, kisha kati ya kingo zao za nje. Katika mfano huu ni 140 na 160, na wastani wake, 150, ndio umbali wa vitovu. Kwa kuwa wastani ndio unaotafutwa, matokeo hubaki sahihi hata kama keekee imetanua matundu yote mawili kidogo, kila moja kwa usawa pande zote.

Matundu yakiwa kwenye duara, hesabu ya nguzo za uzio haifai tena. Duara hujifunga, kwa hiyo matundu manne yana nafasi nne, na kila moja ni nyuzi 90. Umbali wa moja kwa moja kati ya vitovu viwili jirani ni kipenyo cha duara la vitovu kikizidishwa kwa sin(180°/n), ambapo n ni idadi ya matundu. Kwa duara la milimita 120 na matundu manne, ni 84.85. Kwa matundu sita ni 60, yaani nusu kipenyo cha duara lenyewe, ndiyo maana bikari iliyochora duara huweza kuligawa mara sita bila kufunguliwa upya. Hapa kosa la hatua hujitangaza lenyewe: hatua ya mwisho isipoangukia alama ya kwanza, bikari irekebishwe na mgawanyo uanzwe tena kabla ya kutoboa.